Katika "Sisi" Yetu, Nani Hayumo?

Mwezi huu naomba nikusimulie jambo lililonipata kazini miaka kadhaa iliyopita. Tangu siku ile siwezi kuuimba Wimbo wa Taifa bila kujiuliza swali.

Zahanati niliyokuwa nikifanya kazi hapa Dimani, wilayani Kibiti, iko jirani na shule ya msingi. Asubuhi watoto wanapopanga mstari na kuimba "Mungu Ibariki Afrika", sauti zao hutufikia dirishani. Siku hiyo ilikuwa siku ya kliniki. Akina mama wamejaa kwenye mabenchi, kadi mkononi, watoto wanangojea mizani. Chini ya mwembe alikaa mama mmoja wa jamii ya wafugaji, mtoto amemfunga mgongoni. Nilitoka mlangoni nikasema, "Wenzetu wa ng'ombe subirini kwanza, tumalize wenyeji." Hakuna aliyeshangaa. Nyuma yangu watoto wa shule walikuwa wakimalizia wimbo.

Ilipita karibu saa nzima. Kisha akaja mvulana wa miaka kama kumi, shuka begani, sare ya shule ikionekana kwa chini. "Shikamoo, mama nesi. Mama anauliza, zamu yetu itafika lini? Mtoto hanyonyi."

Mtoto hanyonyi! Hiyo ni dalili ya hatari ambayo kila muuguzi hufundishwa. Mtoto wa namna hiyo hapangi foleni. Nilimkuta anachemka, amelegea, viganja vimepauka. Kipimo kilionyesha malaria. Tulimchoma sindano ya kwanza, akakimbizwa Kibiti kwa pikipiki. Mungu alimponya. Lakini ile saa moja ilikuwa yangu, na yule mvulana ni mwanafunzi wa shule ileile ya jirani. Wimbo ule huuimba kila siku pamoja na watoto wa wale niliowaita wenyeji.

Usiku nilirudia maneno ya wimbo moyoni, nikitafuta neno "sisi". Halimo! "Sisi" imejificha katika vipande viwili vidogo: ile "tu" iliyotangulia ombi la kubarikiwa, na ile "etu" ya zile ngao tatu, yaani hekima, umoja na amani. Wimbo una beti mbili. Wa kwanza unaombea Afrika na viongozi wake. Wa pili unaiombea Tanzania, ukitaja wanawake, wanaume na watoto. Kila ubeti unaishia kwenye ile "tu", yaani sisi watoto wa Afrika, kisha sisi watoto wa Tanzania. Hakuna kabila linalotajwa, wala dini, wala aliyefika kwanza.

Tena angalia mpangilio. Wimbo wa nchi moja unaanza na bara zima. Sababu ni kwamba muziki wake haukutungwa kwa ajili ya nchi moja. Uliandikwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti huko Johannesburg, Afrika Kusini, kama wimbo wa kumwomba Mungu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 iliuchukua na kuutia maneno ya Kiswahili. Kwa hiyo ni sala, na sala hiyo inafungua mlango mpana kabla ya kuingia chumbani.

Basi kama maneno ni mapana hivyo, nilimwachaje yule mama nje? Nadhani ni kwa sababu "tu" ya Kiswahili haisemi nani yumo. Mama akisema nyumbani, "Jumapili tunakwenda Kibiti," mtoto mdogo huuliza mara moja, "Na mimi?" Anauliza kwa haki, maana neno lenyewe halikumjibu. Wamalei wana maneno mawili: "kita" ni sisi pamoja na wewe ninayesema nawe, na "kami" ni sisi bila wewe. Sisi tuna moja tu, na kila mwimbaji hulijaza kimyakimya kwa watu anaowataka.

Tena tuna neno "wenzetu", ambalo kwa sura ni la upendo. Lakini sikiliza tunavyolitumia: wenzetu wa mjini, wenzetu matajiri, wenzetu wa ng'ombe. Mara nyingi ni njia ya adabu ya kumweka mtu ng'ambo. Na jina tulilozoea kuwaita wafugaji hawa, Wamang'ati, limetokana na neno la Kimasai lenye maana ya adui. Wao wenyewe ni Wadatoga, na wengi wao ni Wabarabaig. Baadhi yao waliingia pande hizi za Rufiji baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007. Ni Watanzania waliohamishwa ndani ya Tanzania.

Yuko pia anayebaki nje kwa sababu haimbi. Wanafunzi wa sekondari walio Mashahidi wa Yehova waliadhibiwa, wengine wakafukuzwa shule, kwa kuwa dhamiri yao haikuwaruhusu kuimba Wimbo wa Taifa. Walishindwa Mahakama Kuu, wakakata rufaa, na Julai 2013 Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Mimi nauimba kwa furaha, na imani yangu si kama yao. Lakini nilijifunza jambo: sala pana namna hii ikigeuzwa kuwa kipimo cha nani ni mwenzetu, inakuwa ua wa miiba. Mtoto aliyenyamaza kwa heshima huonekana adui, na yule anayeimba kwa sauti kisha akamweka mgonjwa chini ya mwembe huonekana mzalendo. Huyo wa pili nilikuwa mimi.

Nilipowaeleza akina mama wa kanisani, mmoja alisimama kwa uchungu. "Dada, ng'ombe wao wamemaliza mahindi yangu yote. Nimwite ndugu aliyeniachia watoto na njaa?" Sikumkemea. Hasara yake ni ya kweli, na ina mahali pake: ofisi ya kijiji, tathmini ya shamba, fidia. Nilimwambia tu kwamba mtoto mchanga hajala mahindi ya mtu, na foleni ya zahanati si mahali pa kudai fidia. Alikaa kimya, wala sidai kwamba aliridhika.

Nami nilibadili yaliyo mikononi mwangu. Kila asubuhi ya kliniki nilipita kwanza kwenye benchi na chini ya mwembe nikiuliza: nani ana mtoto hanyonyi, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea? Huyo akaingia kwanza, awe wa ukoo gani. Neno "wenzetu" nililiacha nyumbani.

Bwana wetu alipotufundisha kusali, hakutufundisha kumwita Mungu Baba yangu. Sala ile ni ya wingi mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo, mama mwenzangu, utakaposimama tena kuimba ile "tu" pamoja na wanao, sikiliza kama kuna mtoto wa jirani anayeuliza, "Na mimi?"