Niliandika "Form 1-6" Nikijua Sifundishi Form 6

Mimi ni mwalimu wa hesabu, naishi Saza wilayani Songwe, na jioni nafundisha kwa simu wanafunzi wanaonipata kwenye soko moja la walimu mtandaoni. Kila mwalimu huweka pale tangazo la kozi yake: kichwa cha mstari mmoja, maelezo kidogo, na bei ya saa. Nakiri kwamba kwa mstari huo mmoja nilimpotosha kijana aliyeniamini, akaingia kwenye chumba cha mtihani akiwa amesomea mada ambazo mtihani wake hauna. Sikumkusudia yeye. Nilikusudia kuuhadaa mtambo wa kutafutia ili uniweke juu ya wenzangu, na aliyenaswa akawa yeye.

Nianze na ujinga kabla sijafika kwenye hila. Kichwa changu cha kwanza kilisomeka hivi: "Mwalimu Bingwa wa Hesabu, Faulu kwa Uhakika". Hakuna aliyekuja. Nikalaumu bei, nikaishusha, bado kimya. Sikujiuliza swali jepesi tu: mwanafunzi mwenye bando la kubana anaandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia? Haandiki "bingwa" wala "uhakika". Anaandika jina la somo na kidato chake, basi. Katika kichwa changu kizima hapakuwa na neno hata moja analoliandika yeye.

Nikabadili, nikaandika "Hisabati kwa Njia Rahisi". Hapo ujumbe ukaanza kuingia, lakini karibu wote ulikuwa wa wazazi wa Darasa la Saba. Nilikereka, kana kwamba wao ndio waliokosea. Hisabati ni somo la shule ya msingi, linakofundishwa kwa Kiswahili, na ndivyo linavyoandikwa kwenye pepa ya kumaliza Darasa la Saba. Mtoto akivuka kwenda sekondari, lugha ya kufundishia inageuka, na somo lenyewe linageuka jina: wanaosoma Form Four miaka hii wamelijua kwa jina la Basic Mathematics, namba 041 kwa Baraza la Mitihani. Yaani kwa neno moja nilikuwa nimejiandikisha shule ya msingi. Mwalimu wa sekondari anayejaza "Basic Mathematics" kwenye ripoti za wanafunzi kila muhula alipaswa kuliona hilo mapema.

Sasa hila. Nilichungulia matangazo ya walimu waliokuwa juu yangu, nikaona baadhi yao wamerundika maneno. Nami nikarundika kuliko wao:

```
Math Hisabati Form 1-6 QT PC NECTA CSEE ACSEE IGCSE Grade 12 Past Papers
```

Ninachofundisha kweli ni Form One hadi Form Four. Mengine yote yalikuwa chambo, na kila moja lilileta samaki asiye wangu. "Form 6" na "ACSEE" viliniletea watu wa kidato cha sita, ambao nao hawako kundi moja. Wa PCM anataka Advanced Mathematics, wa PCB anataka BAM, na hizo ni pepa mbili tofauti zenye namba tofauti. "Grade 12" niliiweka kwa tamaa ya wanafunzi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, wanaofanya mtihani wa baraza la Zambia. Mzazi mmoja wa huko akanipata. Nilipofungua muhtasari wa mwanawe nikakuta mna utangulizi wa kalkulasi, kitu ambacho Basic Mathematics yetu haina kabisa. Kwetu mwanafunzi wa Form Four hukutana nacho kwenye Additional Mathematics, na wanaoichukua ni wachache. Nikamjibu kwamba ratiba yangu imejaa. Ratiba haikuwa imejaa.

Soko lile humwonyesha mwalimu hesabu tatu: tangazo limeonekana mara ngapi, limebofywa mara ngapi, na wangapi wameandika ujumbe. Baada ya kurundika, ya kwanza ilipanda sana, nami nikaridhika nayo. Zile mbili zilizofuata sikuzitazama, na humo ndimo ugonjwa ulimokuwa ukijionyesha. Tangazo likionekana sana na kubofywa kidogo, maana yake linatokea mbele ya watu wasiolihitaji. Likibofywa sana na ujumbe usiwe mwingi, maelezo hayatimizi kilichoahidiwa na kichwa. Na ujumbe ukiingia kwa wingi lakini wa kwanza kila mara ni swali la aina ya "Je, unafundisha na hiki?", basi kichwa kimeshindwa kazi yake, kwa sababu swali hilo ndilo lililopaswa kujibiwa na kichwa.

Kijana niliyemtaja alitoka hapahapa Songwe. Alikuwa akifanya kazi kwenye karasha la mawe ya dhahabu, na aliacha shule kabla ya kumaliza sekondari. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mwalimu, nimeona unafundisha QT." Nilijibu ndiyo. Nakiri kwamba siku hiyo sikuwa nimefungua hata pepa moja ya QT. Kichwani mwangu QT na PC vilikuwa kitu kimoja: mtu mzima anayefanya mtihani wa Form Four nje ya shule. Ndiyo maana niliyaandika pamoja, moja likifuata jingine.

Ni watu wawili tofauti. PC ni mtahiniwa wa kujitegemea anayefanya mtihani wenyewe wa kidato cha nne, mara nyingi aliyekwisha kuufanya na sasa anarisiti. QT ni Mtihani wa Maarifa, kwa yule ambaye hakupitia sekondari ya kawaida na anataka kibali cha kujisajili kwa mtihani wa kidato cha nne baadaye. Kiwango chake ni cha vidato viwili vya mwanzo. Kinachochanganya ni kwamba mitihani yote miwili hufanyika Novemba na matokeo yake hutangazwa pamoja, hivyo mtu wa nje huona ni kitu kimoja.

Basi nikamfundisha kijana yule mada za Form Three na Form Four. Tulikaa sana kwenye matriksi, vekta na linia programing, kwa kuwa ndizo ninazopenda kufundisha na ndizo wanafunzi wangu wengi huniomba. Alikuwa akitoka kazini na vumbi la karasha, ananunua bando, anakaa mahali penye mtandao na kuchora grafu za linia programing kwenye daftari la mistari. Alipotoka kwenye mtihani alinipigia simu. Hakukasirika, aliuliza tu mbona grafu zile hazikuja. Pepa ilikuwa na logarithimu, seti, milinganyo ya kwadratiki, pembetatu na Paithagorasi. Ni mada za Form Two, zile nilizozipitia juujuu nikiamini ni msingi tu wa kufikia zile kubwa.

Nilimrudishia fedha aliyonilipa. Ada ya usajili wa mtihani sikuweza kumrudishia kwa sababu haikulipwa kwangu, na msimu wake mzima hakuna wa kumrudishia. Nilimweleza ukweli pia, kwamba neno QT niliandika ili nionekane. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nikiacha kuandika hivyo bado nitapata wanafunzi. Swali hilo ndilo lililonifanya nikae chini na kulivunja tangazo lile.

Nilichofanya ni kuchukua pepa zenyewe na kusoma vichwa vyake kabla ya maswali. Juu ya kila pepa baraza limeshaandika kila kitu: mtihani gani, somo gani kwa jina lake kamili, na kwa watahiniwa wa shule, wa kujitegemea, au wote. Nikatengeneza tangazo moja kwa kila pepa ninayoifundisha kweli, mahali pa tangazo moja kwa pepa zote za dunia:

```
Basic Mathematics Form Four - NECTA CSEE Past Papers
Basic Mathematics Form Two - FTNA, mada kwa mada
QT Basic Mathematics - Mtihani wa Maarifa
Basic Mathematics Form Four PC - Kurisiti
```

Somo na kidato vinatangulia kwa sababu skrini ya simu hukata kichwa, na kinachobaki kuonekana ni maneno ya mwanzo. Kwenye QT nimetanguliza QT yenyewe. Mtafutaji wake huanza na herufi hizo mbili kabla hajafikiria somo. Jina la mtihani linakuja nyuma, kwa sababu mwanafunzi husema tu "Necta", na CSEE huiandika zaidi yule anayetafuta pepa za nyuma au matokeo. Nimeandika "Form Four" kwa maneno. Mtambo wa soko lile haujui kwamba "Form 4", "Form IV", "F4" na "Kidato cha Nne" ni darasa moja, kwa hiyo hizo nyingine nimezitawanya ndani ya maelezo, kwenye sentensi za kawaida. "Kidato cha Nne" ni muhimu zaidi kuliko nilivyodhani: mwanafunzi hutafuta kwa Kiingereza cha shule, lakini mzazi mwenye fedha husoma maelezo kwa Kiswahili kabla ya kulipa. Namba 041 nayo nimeiacha kwenye maelezo, kwa kuwa wanaoitafuta mara nyingi ni walimu wenzangu.

Mwaka wa mtihani sikuuweka. Nilikuwa nikiuweka zamani, na Januari ikifika tangazo linaonekana kama duka lililofungwa. Ila jina la somo lenyewe itanilazimu kulibadili baadaye: mihtasari mipya ya 2023 inaliita Mathematics tu, na kadiri vidato vinavyoingia kwenye mtaala mpya ndivyo watafutaji watakavyoacha neno Basic.

Namba ya walioliona tangazo ilishuka, na iliposhuka nilipata hofu, sitaficha. Ujumbe haukushuka. Uliobadilika ni wa kwanza: sasa watu huuliza bei na saa ya kuanza, hawaulizi tena ninafundisha nini. Maombi ya Form Six ninayoyapata kwa nadra nawapa wenzangu wenye Advanced Mathematics, na wa Nakonde nawaambia waziwazi kwamba pepa yao siijui.

Kijana wa karasha amerudi kusoma, safari hii kwa tangazo la tatu katika orodha ile, na tumeanzia logarithimu. Kwako wewe mwalimu ambaye tangazo lako bado linasema "Form 1-6": fungua pepa ya kila mtihani uliouandika humo, ujibu swali la kwanza hadi la mwisho. Utakaposhindwa, futa jina la mtihani huo leo, kabla hajafika mtu wa kulilipia.