Mswaki Wako Unakula Fizi Zako

Wasee, ukinunua mswaki unaangalia nini? Mimi nilikuwa naangalia rangi na bei, halafu nachukua wa kati. Ule laini nilidhani ni wa watoto. Nilitaka kusikia meno yakikwaruzwa, la sivyo siamini yametakata.

Sasa, siku moja nimekunywa soda baridi, chonge la juu kushoto likanichoma kama stima. Kuangalia kioo, naona ni refu kuliko lile la kulia, na karibu na ufizi kuna sehemu ya njano. Nikajua limeoza.

Daktari wa meno akaangalia, akauliza, “Unapiga mswaki na mkono gani?” Wa kulia. “Mswaki gani?” Wa kati. Akacheka kidogo.

Alinieleza kuwa ukitumia mkono wa kulia, mara nyingi nguvu nyingi huangukia meno ya kushoto, na chonge liko pale kwa kona, limejitokeza. Nilikuwa nasugua kwenda na kurudi kama mtu anaosha raba. Ufizi ukarudi nyuma, mzizi ukabaki wazi. Mzizi hauna ile ngozi ngumu nyeupe ya jino, ndiyo maana baridi inapenya. Kilichoniuma zaidi ni hiki: ufizi ukisharudi nyuma, haukui tena wenyewe.

Kumbe utando unaoshika meno ni kitu laini, hauhitaji nguvu. Unajificha pale jino linapokutana na ufizi. Nywele laini za mswaki zinapinda na kuingia kidogo chini ya ukingo huo. Zile za kati hazipindi vizuri, na ukiwa na mkono mzito kama wangu, zinakwaruza.

Lakini mswaki laini bila pembe nzuri ni bure. Weka mswaki ukitazama jino moja kwa moja: hiyo ni digrii 90. Sasa uinamishe nusu yake, digrii 45, nywele zielekee kwenye ufizi: juu kwa meno ya juu, chini kwa ya chini. Zishike jino na ufizi kwa pamoja. Tikisa polepole, mwendo mfupi, kama mara kumi kwa meno mawili au matatu, kisha songa mbele. Nyuma ya meno ya mbele, simamisha mswaki wima. Ukifanya hivi kinywa chote, dakika mbili zinaisha bila kujua.

Mimi siku hizi naushika kwa ncha za vidole kama kalamu, siyo kwa ngumi. Nguvu zinapungua zenyewe.

Nenda uangalie mswaki wako saa hii. Kama nywele zimetawanyika na haujafikisha miezi mitatu, unakandamiza. Wangu ulikuwa unatawanyika kwa wiki chache, nami nalaumu duka.

Chonge langu bado ni refu. Halijaongezeka, na soda nakunywa upande wa kulia.