Punda Hagomi Bure

Mwenye kukulia Lamu huyajua mambo ya punda tangu utotoni. Huujua mlio unaopasua usiku wa manane kati ya kuta za mawe, na humjua yule punda aliyesimama katikati ya kichochoro, mzigo mgongoni, watu wakimsukuma naye hata ukwato hainui. Kwetu mambo hayo mawili huelezwa kwa neno moja, ubishi, kisha maneno yakaisha. Mimi nimeyatazama upya katika miaka niliyokaa Nunguni, kwenye milima ya Kilungu huko Makueni, ambako nimemfuata mume wangu kikazi. Huko punda hatembei juu ya mchanga wa tambarare. Hupanda na kushuka njia za udongo mwekundu, asubuhi na jioni, amebeba maji ya nyumba nzima, na kazi hiyo ya maji aghalabu huwa mikononi mwa akina mama na watoto. Punda akigoma, nyumba haina maji, na mtoto huchelewa shule.

Jirani yangu mmoja alikuwa na punda wawili majike, waliokaa pamoja zizi moja kwa miaka kadhaa. Ada za shule zilipombana, akamuuza mmoja siku ya soko. Usiku ule ule, saa nane, yule aliyebaki akaanza kulia. Alilia tena saa kumi, na usiku wa pili vivyo hivyo. Asubuhi ya tatu alifika kwenye kidaraja kidogo cha njia ya mtoni akasimama. Mwana wa jirani, mtoto wa miaka kumi na miwili, alimvuta kamba, akamsukuma nyuma, akamchapa kwa fimbo, yote hayakufaa kitu. Jirani akanijia akasema, "Mama, punda wangu ameingiliwa na kitu."

Neno hilo si geni kwetu Waislamu. Tumefundishwa katika hadithi iliyo sahihi kwamba tusikiapo mlio wa punda tujikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani, na hilo ni letu la kulitekeleza. Lakini kujikinga hakumwondolei mwenye punda wajibu wa kumtazama mnyama wake. Tukumbuke pia safari ya Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra, pale ngamia wa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopiga magoti akakataa kuinuka. Watu walisema amekuwa mkaidi. Mtume aliikanusha tuhuma hiyo na kueleza kwamba hiyo si tabia yake, na kwamba kuna sababu iliyomzuia. Kabla ya kumwita mnyama mkaidi, basi, inafaa kuulizwa kilichomsimamisha.

Tuanze na mlio. Punda wa kufugwa ametokana na punda-mwitu wa Afrika, ambaye wachache wamesalia hadi leo katika majangwa ya Eritrea na Ethiopia. Jangwani majani ni haba, kwa hiyo wanyama hao hawaendi makundi makubwa kama pundamilia wa mbugani. Hutawanyika, kila mmoja mbali na mwenziwe, na dume hulinda eneo lake. Mnyama anayeishi hivyo huhitaji sauti ya kufika mbali. Punda amejaaliwa kutoa sauti akivuta pumzi na akiitoa pia. Ule mlio mwembamba wa kwanza ni hewa inayoingia, na ule mnene unaofuata ni hewa inayotoka. Ndiyo maana sauti yake hufululiza bila kituo. Usiku husikika zaidi kwa sababu upepo umetulia, na hewa ya baridi iliyolala juu ya ardhi huizuia sauti isipotelee juu. Katika mabonde ya Kilungu, punda akilia mlima huu hujibiwa na wa mlima ule.

Sababu za kulia usiku hazipiti chache. Ya kwanza ni upweke. Punda hufungamana na mwenziwe mmoja, akala naye, akalala karibu naye, na akitenganishwa humwita kwa siku na hata kwa majuma. Ya pili ni njaa. Tumbo la punda limeumbwa kula kidogo kidogo kwa saa nyingi, mchana na usiku. Akifungwa jioni pasipo chakula, ifikapo saa nane tumbo ni tupu. Ya tatu ni hatari, kama fisi au mbwa wa kigeni anayezunguka zizi. Hapo masikio husimama na macho huelekea upande mmoja. Ya nne ni uzazi, jike likiwa tayari kupandwa au dume likimnusa jike la jirani.

Sasa kugoma. Farasi akishtuka hukimbia, kwa kuwa asili yake ni nyika zilizo wazi. Punda asili yake ni miamba na makorongo, ambako kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Kwa hiyo akitia shaka husimama kwanza, akatazama, akanusa, akapima. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, naye haoni vizuri kilicho chini kabisa mbele ya pua yake mpaka ainamishe kichwa. Weusi wa dimbwi la maji, kivuli kikali, au ardhi iliyobadilika rangi ghafla, kwake huweza kuwa shimo. Hapo mtu akimvuta kamba kwa juu, humnyima jambo lile moja analolihitaji, nalo ni kuinama atazame. Akisukumwa nyuma, mwili wake huegemea kinyume na msukumo. Na akichapwa, shaka yake hupata ushahidi, kwani mahali hapo sasa pamemletea maumivu.

Mtaalamu wa mifugo aliyeitwa na jirani yangu hakuanza na punda. Alianza na kidaraja. Kilikuwa kimekarabatiwa juma lile, na sehemu ya saruji mpya, nyeupe, ikakatiza udongo mwekundu wa njia. Akauliza ni punda yupi aliyekuwa akitangulia zamani. Akajibiwa kuwa ni yule aliyeuzwa. Kumbe huyu aliyebaki hakuwahi kuivuka njia hiyo pasipo mwenzake mbele yake, na siku ya kwanza ya kuwa peke yake alikuta ardhi asiyoijua.

Kisha akamgeukia mnyama mwenyewe. Aliinua kila mguu akatazama kwato, kwani jiwe lililokwama au ukwato uliooza humsimamisha punda pasipo alama ya nje. Akavua matandiko, akapitisha kiganja mgongoni, mabegani na chini ya tumbo ulipopita mshipi. Alipofika hapo punda akatikisa ngozi na kugeuza kichwa, na chini ya manyoya pakaonekana kidonda kibichi, upana wa kidole gumba. Akaangalia kinyesi na kuuliza kama anakula. Alikuwa anakula. Mwisho akahesabu mzigo.

Hesabu hiyo kila mwenye punda anaweza kuifanya. Punda wetu wa Afrika Mashariki kwa kawaida ana uzito wa kilo 110 hadi 150, na wataalamu wengi hushauri asibebeshwe zaidi ya thuluthi ya uzito wake. Tuseme huyu ana kilo 130. Thuluthi yake ni kama kilo 43. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, bila kuhesabu dumu lenyewe. Madumu mawili yamefikia karibu ukomo wake. Punda huyu alikuwa akipandishwa mlima na manne, yaani zaidi ya kilo 80, kwa mshipi uliokuwa ukikata ngozi. Tulizoea kusema "punda afe, mzigo ufike", lakini mzigo wa namna hiyo haufiki.

Tiba haikuwa na maajabu. Kidonda kilioshwa kwa maji ya chumvi kila siku, na mshipi wa kamba ya nailoni ukabadilishwa kwa utepe mpana uliozungushiwa kitambaa cha pamba. Mnyama alipumzishwa mpaka ngozi ikafunga, na jirani akakodi wa kumchotea maji kwa siku hizo. Kidaraja kilimwagiwa udongo mwekundu juu ya saruji. Siku ya kurudi kazini, punda hakupakiwa kitu. Mtoto alielekezwa asimame ubavuni, usawa wa bega, aiache kamba ilegee, wala asimtazame usoni. Punda akainamisha kichwa, akanusa, akapiga ardhi kwa ukwato mmoja, akanusa tena. Ilichukua muda wa kuchemsha chai, kisha akavuka. Siku iliyofuata ulikuwa muda mfupi zaidi, na juma la pili akapita kama aliyeijua njia hiyo siku zote. Sasa hubeba madumu mawili na kwenda safari mbili. Jirani yangu alinung'unika juu ya muda, na ana haki, kwani safari ya pili humlia saa nzima ya asubuhi.

Kuhusu kulia usiku, mabua ya mahindi yaliwekwa zizini kila jioni, na mlio wa saa nane ukapungua. Mbuzi wawili walihamishiwa zizi lile ili asiwe peke yake. Walimtuliza kiasi, ingawa mbuzi hachukui nafasi ya punda mwenziwe. Mlio wa alfajiri haukukoma, na mtaalamu alieleza sababu. Jirani alikuwa na desturi ya kumtupia majani punda alipolia, ili anyamaze. Mnyama alijifunza kuwa kulia huleta majani. Mwenye kutaka kuiondoa desturi hiyo hulisha kabla ya mlio, au hungoja unyamaze ndipo alishe.

Jambo moja alilolisema mtaalamu yule ningependa kila nyumba yenye punda ilishike. Punda huficha maumivu, kwa kuwa porini aonyeshaye udhaifu ndiye anayeliwa. Anayelia na kugoma bado anazungumza na mwenyewe. Anayestahili kuogopewa ni yule aliyenyamaza, ameinamisha kichwa, masikio yamelala, na hagusi chakula, hasa baada ya kufiwa au kutenganishwa na mwenziwe. Punda akiacha kula, mafuta ya mwili wake huyeyuka na kujaa katika damu, ini likashindwa kazi, na mwenye hatari zaidi ni jike lenye mimba au mnyama mnene. Siku moja ya kutokula inatosha kumwita daktari. Wenzetu wa Lamu wanayo zahanati ya punda tangu mwaka wa 1987. Huku milimani daktari yu mbali, na ndiyo sababu ya kumwita siku ile ile ya kwanza zizi linapokuwa kimya.