Pumzi ya Muadhini Wetu

Muadhini wa msikiti wetu hapa Mirerani ni mtu wa makamo ambaye ujanani aliishika drili kwa miaka kumi na minne chini ya ardhi. Kwa muda mrefu sauti yake ndiyo iliyotuamsha alfajiri. Kisha tukaanza kusikia jambo geni: akifika “Hayya alas-swalah” hukata neno, akavuta pumzi, ndipo akamalizia. Sisi wanakamati tulidhani ni baridi, tukamshauri asali na tangawizi.

Hospitalini alipewa dawa za kifua kikuu kwa miezi sita, ingawa makohozi yake hayakuonesha vijidudu. Hakupata nafuu, akaanzishiwa dozi ya pili. Tulipomsindikiza kwa daktari wa tatu, tulisikia swali ambalo hakuwa ameulizwa hata mara moja: “Ulifanya kazi gani, na kwa miaka mingapi?” Picha ya eksirei ilionesha vidonda vidogo vya mviringo vilivyotawanyika sehemu za juu za mapafu yote mawili. Ulikuwa ugonjwa wa silikosisi.

Tulistaajabu, kwa kuwa mgodini alikuwa ameondoka miaka minane nyuma. Daktari akatueleza kwa utaratibu. Mwamba unapotobolewa mkavu hutoa vumbi la silika, na vumbi linaloua si lile tulionalo likitanda kwenye nyusi za wachimbaji. Vumbi zito hunaswa puani na kooni, likatoka kwa kamasi na makohozi. Lile laini mno, ambalo chembe yake ni nyembamba kuliko unywele mara kumi na zaidi, hushuka hadi vifuko vya mwisho vya mapafu, damu inapopokea hewa. Huko kuna chembe hai za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Zikimeza silika, haziwezi kuiyeyusha. Zinakufa, na silika inabaki huru kumezwa na nyingine, nazo zikafa. Kila zinapokufa, mwili huleta uvimbe na kujenga kovu. Kovu halitanuki wala halipitishi hewa. Na kwa kuwa silika haitoki, makovu huweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi.

Hakuna dawa ya kuliondoa kovu hilo. Tena walinzi wakishadhoofika, kifua kikuu huingia kwa urahisi. Ndiyo maana maradhi haya mawili huchanganywa, na mara nyingine humpata mtu mmoja kwa pamoja. Mwenye silikosisi hana budi kupimwa makohozi kila anapozidiwa. Ndugu zetu wachimbao makaa ya mawe, kama wale wa Mbinga, wana ugonjwa wao wa vumbi jeusi, lakini wanapotoboa mwamba uliofunika makaa, silika huwafikia nao.

Tulimwuliza daktari ni kiasi gani cha vumbi kinachodhuru. Alitutajia kikomo kilichowekwa Marekani mwaka 2016, yaani mikrogramu 50 za silika katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa nane. Mtu afanyaye kazi huvuta takriban mita 10 za ujazo katika zamu hiyo. Basi kikomo cha siku nzima ni nusu ya miligramu, uzito wa punje chache za chumvi ya mezani. Kutoboa mwamba mkavu ndani ya shimo jembamba huweza kuvuka kiasi hicho upesi sana.

Kinga kubwa ni maji. Maji yakipitishwa ndani ya chuma cha drili hadi kwenye ncha yake, vumbi hugeuka tope kabla halijaruka. Kuyamwaga ukutani baadaye husaidia kidogo tu. La pili ni hewa: baada ya baruti, watu wasirudi shimoni mpaka feni iwe imefukuza vumbi, hata kama macho hayalioni tena. Barakoa huja mwisho. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia lile vumbi zito ambalo pua ingelizuia yenyewe; inayofaa ni ya kuchuja chembe laini, kama N95, ikikaa sawasawa usoni bila upenyo. Na nguo za shimoni zisikung'utwe nyumbani mbele ya watoto.

Sasa adhana huadhiniwa na kijana mwingine. Mzee wetu huketi safu ya kwanza, akiswali kwa kukaa. Wachimbaji vijana wakija kumsalimu baada ya Isha, huwa hawaulizi habari za mawe waliyoyapata. Huwauliza swali moja tu: “Wanangu, drili yenu ina maji?” Wengi huinamisha vichwa. Kamati yetu imeanza kulipeleka swali hilo kwa wenye mashimo.