Mtaa Mwekundu Kwenye Ramani

Nilikulia Uvira, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na kwetu kipindupindu si habari ya redioni tu. Kwa hiyo mhadhiri alipotupa zoezi la kutafuta mikusanyiko ya wagonjwa kwenye ramani, nililichukulia kwa uzito, ingawa namba zilikuwa za kubuni: mitaa 100, kila mmoja na idadi ya watu na wagonjwa wake.

Tulitumia kipimo cha Getis na Ord, kinachoandikwa Gi*. Kinachukua mtaa pamoja na majirani walio ndani ya umbali uliochaguliwa, kwetu kilometa 1, kisha kinauliza kama kiwango cha ugonjwa hapo kinazidi wastani wa mji mzima kuliko bahati peke yake inavyoweza kuleta. Jibu ni alama iitwayo z. Ikizidi 1.96, kompyuta inapaka mtaa rangi nyekundu.

Mitaa sita ikawa myekundu. Mwenzangu akasema, "Basi, dada, chanzo tumekipata." Nikamwomba tutazame namba kwanza. Mtaa mmoja kati ya hiyo haukuwa na mgonjwa hata mmoja. Ulipakwa rangi kwa sababu ya jirani yake. Jirani huyo alikuwa na watu 250 na wagonjwa 5, yaani 20 kwa kila watu 1,000. Ondoa mgonjwa mmoja tu, kiwango kinashuka hadi 16. Mtaa mwingine ulikuwa na watu 5,000 na wagonjwa 40. Huko ukiondoa mmoja, 8 inabaki karibu 8. Na wale watano huenda walikula chungu kimoja.

Tena, ukipima mitaa 100 kwa mpaka huo, hata pasipo mkusanyiko wowote utarajie miwili au mitatu kuwa myekundu kwa bahati.

Tukarudia kwa umbali wa kilometa 2. Ikabaki mitatu, yote karibu na kituo cha matibabu. Hapo ndipo nilipositasita zaidi. Anayekaa karibu na kituo huenda mapema na huandikwa. Wa mbali hunywa maji ya chumvi na sukari nyumbani, asiingie daftarini. Ramani ya wagonjwa inaweza kuwa ramani ya walioandikwa.

Mwenzangu alitaka kichwa kisemacho "Mitaa ya kipindupindu". Nilikataa. Nikiwa mtoto niliona wauza samaki wa mtaa mmoja wakikosa wateja wiki nzima kwa uvumi tu. Tukaandika chini ya ramani: "Mitaa mitatu ya kutembelewa kwanza. Chanzo hakijulikani." Kisha tukaorodhesha kazi ya siku ya kwanza: kupima klorini kwenye mabomba, kuuliza nyumba kwa nyumba, pamoja na mitaa ya mbali isiyo na rangi, na kulinganisha anwani za daftarini na mahali wagonjwa wanapolala kweli.