Linki husomwa kutoka kulia

Wengi wetu tunasoma linki vile tunasoma meseji ya kawaida, kutoka kushoto kwenda kulia. Matapeli wanalijua hilo vizuri. Jina tunaloliamini likitangulia, macho yanatulia na kidole kinabonyeza. Lakini kwenye anwani ya mtandao, mwenye nyumba hukaa upande wa kulia. Kushoto anaweza kuandika chochote anachotaka.

Nipeane mfano. Binamu yangu anatafuta kazi, na alikuwa ameomba cheti cha tabia njema, kile cha shilingi 1,050. Mwezi uliopita akapata meseji kwamba ombi lake limekwama, eti aingie athibitishe malipo kabla ya saa sita usiku. Akanitumia skrinishoti: "Kaka, hii si ni eCitizen tu?" Ukiangalia haraka, ni eCitizen kabisa. Linki ilikuwa ya aina hii:

```
https://accounts.ecitizen.go.ke.thibitisha-ombi.example/login
```

(Mwisho nimebadilisha. `.example` haiuzwi kwa mtu yeyote, kwa hivyo usijisumbue kuijaribu. Matapeli hupenda miisho ya bei rahisi kama `.top` na `.xyz`.)

Sasa tuisome polepole. Ruka `https://`, kisha tafuta kijistari cha kwanza kilichoinama, `/`. Kila kitu baada yake kisahau kwanza, hiyo ni kurasa tu ndani ya tovuti. Kutoka hapo rudi nyuma kwenda kushoto. Unakutana na `example`, halafu nukta, halafu `thibitisha-ombi`. Simama hapo. Huyo ndiye mwenye tovuti. Ile `accounts.ecitizen.go.ke` iliyobaki kushoto ni kama majina ya vyumba ndani ya nyumba yake, na chumba mtu anaweza kukiita hata Ikulu.

Inawezekanaje? Unaponunua domeini, unalipia jina moja tu. Ukishaimiliki, unaweza kuiongezea vijina mbele vingi unavyotaka, bure, na hakuna ofisi inayokuuliza kwa nini umeandika `ecitizen` pale. Anwani ya kweli ni `accounts.ecitizen.go.ke`, halafu kijistari au mwisho. Ukiona nukta nyingine baada ya `.ke`, basi hiyo `.ke` si ya Kenya tena, ni herufi mbili tu za mapambo.

Kwetu kuna kitu kimoja kinachochanganya watu. Anwani nyingi za Kenya zina mwisho wa sehemu mbili: `go.ke`, `co.ke`, `ac.ke`. Ukirudi nyuma usisimame kwa `go`, songa neno moja zaidi. Kwa `itax.kra.go.ke`, mwenyewe ni `kra`. Mwisho wa `go.ke` ni wa serikali, si wa kila mtu, lakini `co.ke` inauzwa kwa yeyote mwenye pesa. Na kistari si nukta, msee. `ecitizen-go.ke` ni neno moja refu linaloishia `.ke`. Halina uhusiano wowote na `go.ke`.

Usinieleze kuhusu kufuli pia. Kufuli linasema tu kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti hiyo yamefungwa, wengine hawasikii. Halisemi unaongea na nani. Cheti chake hutolewa bure, na tapeli anakipata kwa dakika chache.

Simu ndiyo hutumaliza, kwa sababu skrini ni nyembamba na linki ndefu hukatwa au kuvunjika mistari miwili. Kipande kinachokuja kwanza ni kile kizuri. Usiibonyeze, shikilia kidole juu yake mpaka simu ikuonyeshe anwani nzima, ama uinakili uibandike kwa noti uisome ikiwa imetulia. Binamu yangu hakuingia kupitia ile linki. Aliandika `ecitizen.go.ke` mwenyewe, akakuta ombi lake liko sawa na halidaiwi kitu. Angeingiza kitambulisho na pasiwadi kule kwingine, angekuwa amempa mgeni funguo za akaunti yake.

Kuna mahali hii njia haitoshi. Linki iliyofupishwa, kama ya `bit.ly`, inaficha iendako, hivyo kuisoma kutoka kulia hakukuambii kitu. Pia kuna kampuni zinazowapa watu nafasi ya bure ya kuweka tovuti. Kitu kinachoishia `web.app` kitakupeleka kwa mitambo ya Google kweli, lakini neno lililo mbele yake lilichaguliwa na mteja, na mteja anaweza kuwa yeyote. Hapo mimi huandika anwani mwenyewe, herufi kwa herufi, hata kama nina haraka.