Aya ya 4.2

Nilipohamia kitengo cha vikao cha halmashauri moja nilikabidhiwa kiolezo cha kumbukumbu kilichokwisha kupita mikononi mwa makatibu kadhaa. Kwa macho kilipendeza: vichwa vimekolezwa na kupigiwa mstari, maazimio yamo kwenye jedwali. Lakini mjumbe mmoja wa kamati, asiyeona, alikuwa akisoma makabrasha kwa NVDA, programu ya bure inayotamka maandishi ya kwenye skrini. Siku moja aliniita niketi naye nisikilize.

Alibonyeza H, herufi ya kurukia kichwa kinachofuata. Sauti ikasema hakuna. Kwa kompyuta, mstari uliokolezwa ni maandishi tu kama mengine, kwa hiyo ili afike "Yatokanayo" ilimbidi apitie mahudhurio na udhuru wote. Tiba yake ni nyepesi: kila agenda niliibonyezea Ctrl+Alt+1 ikawa Heading 1, na vipengele vyake Ctrl+Alt+2.

Jedwali ndilo lililonisumbua. Maazimio matatu ya maji yalikuwa ya Mhandisi, basi kiolezo kiliunganisha visanduku vitatu vya "Mhusika" kuwa kimoja na kuandika jina la cheo mara moja. Aliposhuka kwenye azimio la pili, alisikia azimio kisha tarehe, cheo hakipo. "Sasa hili la tangi ni la nani, mama?" aliniuliza. Nilitenganisha visanduku, nikaandika "Mhandisi" katika kila mstari, na pasipo na muda nikaandika "Haujapangwa", maana kisanduku kitupu hakimwambii msikilizaji kama kimesahaulika au la. Bosi wangu aliona marudio yale ni uchafu. Sikubishana naye, ila sikuyaondoa.

Mjumbe mwingine alikuwa na uoni hafifu. Ofisi ilizoea kumtolea kopi ya A3 kwenye mashine, ambayo hugeuza herufi za 12 kuwa kama 17, lakini karatasi yenyewe haikunjuki vizuri mezani penye watu. Nikamchapia A4 kwa Arial ya 18, nafasi ya mstari na nusu, bila italiki wala maneno mazima ya herufi kubwa. Hapo safu nne za jedwali zikabanana hadi "Utekelezaji" likakatika vipande viwili. Katika nakala yake nikalivunja jedwali: azimio kwanza, chini yake "Mhusika:", chini tena "Muda:".

Kurasa nne zikawa tisa. Mwenyekiti akisema "tufungue ukurasa wa tatu", mzee wa watu anafungua mahali pengine kabisa, na anayesikiliza hana ukurasa wa kufungua. Nikaanza kuzipa aya namba, zilezile katika nakala zote, na mwenyekiti akazoea kuita "aya ya 4.2".